Jiki ya shuka nyeupe na karo la gesti

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina gesti ya vyumba sita hapa Tabora mjini na shuka zangu zote ni nyeupe. Galoni la jiki la lita tano linaisha kwa wiki moja, na sabuni ya unga natumia kilo moja kila baada ya siku mbili. Karo lina urefu wa mita mbili, upana mita moja na nusu, na maji yake yana kina cha mita moja na nusu. Shimo la kunyonya ni la duara, upana wake mita moja na nusu. Tangu mwezi wa kumi na moja shimo linajaa na kunuka. Fundi anasema jiki imeua wadudu wa karo, anataka nimwage hamira na dawa ya paketi. Ni kweli? Nifue kwa sabuni gani, na jiki nitie kiasi gani?"

Nzuri sana, mama, na ahsante kwa vipimo, kwa sababu bila vipimo hivyo ningekuwa nabahatisha kama fundi wako. Kwa maoni yangu jiki unayotumia ni nyingi kupita haja, lakini siyo iliyojaza shimo. Ninaishuku zaidi sabuni ya unga, pamoja na wingi wa maji yanayoingia kwa siku, na nitakueleza namna ya kuhakikisha mwenyewe kwa kutumia ufito kabla hujatoa hela yoyote.

Tuanze na jiki, kwa kuwa ndiyo iliyoshtakiwa. Jiki nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina klorini ya karibu asilimia 3.5, yaani gramu 35 hivi katika kila lita, ingawa ni vyema usome lebo ya galoni lako kwa kuwa zipo zenye nguvu zaidi. Lita tano kwa wiki ni kama mililita 700 kwa siku, ambazo zina gramu 25 hivi za klorini. Karo lako linabeba lita 4,500. Hata kama gramu zote 25 zingefika humo bila kupungua njiani, kila lita ya maji ya karo ingepata miligramu tano au sita tu, na kwa kweli hazifiki zote, maana klorini huisha nguvu inapokutana na uchafu, na ndani ya karo hakuna kingine isipokuwa uchafu.

Sasa linganisha na kiasi kinachoua. Mwaka 1987 ulifanyika utafiti katika jimbo la Arkansas, Marekani, ambapo dawa za nyumbani zilimwagwa kwa makusudi katika makaro ili kuona ni kiasi gani kinaua bakteria wake. Kwa karo la lita 3,800 hivi zilihitajika takribani lita saba za dawa ya kupausha, ambayo kule huwa kali kuliko yetu, zikimwagwa kwa mkupuo, na hata baada ya hapo bakteria walirudi wenyewe katika muda wa siku chache. Nikiuhamishia uwiano huo kwenye karo lako na jiki ya asilimia 3.5, ungetakiwa kumwaga lita 12 na ushee kwa mara moja. Kwa hiyo wadudu wa karo lako hawajafa, na hata wangekufa wiki iliyopita, wageni wako wangekuwa wameshaleta wengine, kwa sababu kila anayeingia chooni huacha bakteria kwa mabilioni. Hamira kaachie maandazi. Zile dawa za paketi nazo sizishauri, maana hazileti kitu ambacho karo halina, na baadhi yake huvuruga tope lililotulia likaelea na kusafiri hadi kwenye shimo, mahali ambapo hatulitaki kabisa.

Hesabu hiyo ina mipaka yake. Mwenye tangi dogo la plastiki la lita 1,000 hufikia kiwango cha kuua kwa lita tatu tu za jiki, na karo ambalo nusu yake ni tope lina maji machache kuliko vipimo vyake vinavyoonyesha. Vilevile kuna tabia ya kumalizia galoni kwa kulimimina chooni baada ya usafi wa Jumamosi, na hiyo ni tofauti na jiki iliyokwisha kufanya kazi kwenye beseni la shuka. Ya beseni hufika kwenye karo ikiwa imechoka. Ya galoni hufika ikiwa na nguvu zake zote.

Hata hivyo mililita 700 kwa siku ni kupoteza fedha, na nadhani naijua sababu. Wafuaji wengi wa gesti huloweka shuka chafu, humwaga sabuni ya unga, kisha huongeza jiki humo humo ili kazi yote iishe kwa mara moja. Jiki ikiwekwa kwenye maji yenye jasho, mafuta ya ngozi na sabuni hutumika kupambana na uchafu wa majini kabla haijaufikia ule wa kwenye nguo, kisha mfuaji anaona shuka bado ina umanjano, anaongeza tena. Badilisheni mpangilio. Shuka ifuliwe kwanza kwa sabuni, isuuzwe, na ndipo iingizwe kwenye maji safi ya baridi yenye jiki kwa robo saa, isizidi nusu saa. Kipimo ninachotumia ni mililita 60, yaani vijiko vinne vya chakula, kwa kila lita kumi za maji. Beseni kubwa la lita 40, ambalo hupokea shuka sita bila kubanana, linatosheka na mililita 240, ambazo ni sawa na kikombe cha chai cha kawaida. Msimimine kwa kukadiria na jicho. Tafuta kikombe kimoja cha plastiki, kichore mstari kwa kalamu ya wino usiofutika, na kikae juu ya galoni.

Tena si lazima kila shuka ipaushwe kila inapofuliwa. Zitengwe zenye madoa, na zile nyingine zipate jiki mara moja baada ya mifuo mitatu au minne. Tabora tuna jua ambalo wengine wanalitamani, na shuka nyeupe ikianikwa mchana ikiwa bado mbichi, jua lenyewe huendelea kuipausha. Ukifanya mizunguko mitatu ya beseni kwa wiki utakuwa umetumia mililita 720, yaani galoni lililokuwa likiisha kwa wiki moja litamaliza karibu wiki saba. Hapo itabidi ulitunze kivulini, maana jiki ikikaa kwenye joto hupungua nguvu, na ndiyo sababu siipendi ile ya kupimiwa kwenye chupa za maji, ambayo huwezi kujua ilikaa juani muda gani wala ilichanganywa na maji kiasi gani. Maji ya jiki yaliyobaki kwenye beseni yaacheni wazi juani saa mbili tatu kabla ya kuyamwaga, kwani jua huivunja klorini iliyobaki. Doa la kutu, ambalo wageni huliacha kwa vifungo na zipu, msilitie jiki kabisa, kwa kuwa jiki huligandisha hilo badala ya kulitoa.

Nakuja kwenye sabuni, na hapa ndipo pana jambo zito. Kilo moja ya sabuni ya unga kila baada ya siku mbili ni kilo tatu na nusu kwa wiki. Ndani ya kilo hiyo, sehemu inayosafisha kwa kawaida haifiki hata robo ya uzito, na sehemu kubwa iliyobaki ni magadi na chumvi nyingine za sodiamu zilizowekwa kulainisha maji na kujaza mfuko. Chumvi hizo haziozi. Karo haliwezi kuzifanya lolote. Huzipitisha kama zilivyo hadi kwenye shimo, na kutoka hapo zinaingia kwenye udongo. Kama gesti yako ipo kwenye kichanga, ambacho ndicho udongo wa sehemu kubwa ya mji wetu, zitapita bila madhara makubwa. Lakini kama upo bondeni kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, sodiamu huufanya mfinyanzi uachane chembe kwa chembe, na chembe hizo huziba vitundu ambavyo maji yalikuwa yakipitia. Mara nyingi tatizo hujionyesha mvua zinapoanza, kwa sababu maji ya mvua hayana chumvi na huzidi kuutawanya mfinyanzi ulioshiba sodiamu, na wakati huohuo maji ya ardhini yanapanda. Umesema lako lilianza mwezi wa kumi na moja. Ningependa kujua udongo uliotoka siku shimo linachimbwa ulikuwa wa rangi gani.

Jambo la pili kuhusu sabuni ya unga ni kwamba kiungo chake cha kusafisha, ambacho watengenezaji wa sabuni za maji mitaani hukiita salfoniki, huozeshwa vizuri na bakteria wanaopata hewa, lakini ndani ya karo hakuna hewa. Sehemu yake kubwa hupita hadi kwenye shimo na kusubiri udongo umalize kazi, na udongo uliofurikwa na maji usiku na mchana nao hauna hewa. Hivyo sabuni yoyote, hata iliyoandikwa kuwa huoza, inahitaji shimo linalopata nafasi ya kukauka.

Chaguo langu kwako ni sabuni ya maji ya kufulia, ambayo haina magadi mengi ya kujaza mfuko, pamoja na sabuni ya mche kwa ajili ya kusugua kola za mito na sehemu zenye madoa. Ukinunua sabuni ya maji iliyotengenezwa mtaani usidanganywe na uzito wake, kwa sababu mara nyingi uzito huo unatokana na chumvi ya kawaida iliyotiwa ili iwe nzito, na chumvi hiyo ni sodiamu ileile tunayoikimbia. Ijaribu kwa kufulia shuka moja, uone kama inasafisha. Sabuni ya mche, ikiwemo ile ya mawese inayoletwa na ndugu zetu kutoka Kigoma, ni rafiki wa karo, ila inategemea maji. Maji ya Ziwa Viktoria yanayotufikia kwa bomba ni laini, na sabuni ya mche hutoa povu upesi na kusuuzika. Ukifulia maji magumu ya kisima, sabuni hiyo hugeuka utando wa kijivu unaonata kwenye beseni, na utando huohuo hugandia kuta za shimo. Kwa maji ya kisima, basi, tumia ya maji peke yake.

Kwa kuwa maji ya bomba ni laini, kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko ni kikubwa kuliko haja yako. Anza na nusu yake. Ukiona maji ya suuzo la pili bado yana povu, hiyo ni sabuni uliyoilipia ikaenda shimoni bila kufanya kazi, punguza tena. Ile dawa ya kulainisha na kunukisha nguo iache kabisa, maana imetengenezwa kwa viungo vyenye mafuta ambavyo pia huzuia bakteria, na tofauti na jiki, hivyo havichoki upesi. Bluu haina shida, kwa kiasi kidogo kinachotumika.

Maji sasa. Tangu bomba lianze kutoka kwa uhakika nimeona nyumba nyingi zikihamishia ufuaji ndani, ilhali mashimo yao yalichimbwa enzi za kuchota ndoo. Mwaka jana nilikagua nyumba moja ya kulala wageni iliyokuwa na shimo la upana kama wako na mama mwenye nyumba aliyekuwa ameshamwaga paketi tatu za dawa. Tulifunga maji ya kufulia saa tatu usiku, tukasimamisha ufito shimoni na kuuchora alama ya chaki pale maji yalipofika. Saa kumi na moja alfajiri maji yalikuwa yameshuka sentimita tisa. Katika shimo la upana huo kila sentimita moja ni karibu lita 18, kwa hiyo shimo lilikunywa lita 160 kwa saa nane, ambazo ni kama lita 480 kwa siku nzima. Tulipohesabu madumu ya kufulia tu, bila vyoo wala mabafu, siku ya Jumatatu yalifika lita 600. Shimo hilo halikuwa na ugonjwa wa bakteria. Lilikuwa likipewa zaidi ya lilichoweza kunywa, na juu ya maji yake zilielea nyuzi za mablanketi zilizoshikana na sabuni kama ugali uliopoa.

Fanya kipimo hicho kwako. Chagua usiku usio na wageni wengi, zuia ufuaji, na pima kwa ufito mrefu ukiwa umesimama pembeni. Usiinamishe kichwa kwenye mdomo wa shimo, usiwashe kiberiti, na usimruhusu mtu yeyote kuingia ndani hata kwa dakika moja, kwa kuwa hewa ya humo huangusha mtu kabla hajaita. Siku ya pili fungua mfuniko wa karo lenyewe, zungushia kitambaa cheupe kwenye ncha ya ufito, uuteremshe taratibu hadi chini, uuache kidogo, kisha uutoe. Sehemu iliyochafuka weusi mzito itakuonyesha kina cha tope. Tope likijumlishwa na utando wa juu vikizidi theluthi moja ya kina cha maji, ambayo kwako ni nusu mita, karo limejaa na linasukuma uchafu shimoni, na hapo hakuna sabuni wala kupunguza jiki kutakakosaidia mpaka gari la majitaka lije.

Kama karo halijajaa na shimo linashuka polepole, gawa ufuaji. Mashuka ya siku moja yafuliwe siku hiyohiyo, badala ya kulimbikiza ya wiki nzima kwa Jumatatu, kwani maji yanahitaji angalau siku moja ya kutulia kwenye karo ili tope lizame. Bomba linalotoa maji ya kufulia lifungwe kitambaa cha chandarua mdomoni kukamata nyuzi, kitambaa kisafishwe kila jioni, na nyuzi ziende kwenye taka kavu. Nyingi kati yake ni za plastiki na hazitaoza maisha. Maji ya suuzo la mwisho, yasiyo na jiki, yanaweza kuelekezwa kwenye migomba au miti ya kivuli. Bustani ya mchicha msiipe.

Shimo likishanyonywa na gari, lipumzishe wiki mbili ukiweza, kwa kupeleka mashuka yafuliwe mahali pengine. Ute mweusi uliogandia kutani hukauka na kuliwa na bakteria wanaopata hewa, na shimo hurudisha sehemu ya nguvu zake. Lile la mwaka jana, baada ya mapumziko na mgawanyo wa ufuaji, lilishuka sentimita kumi na saba kwa saa zilezile nane. Kama lako litapumzika na kipimo kisibadilike, na udongo wenu ni wa mbuga, basi mfinyanzi umeshafunga na mapumziko hayataufungua. Utachimba jingine, mbali mita 30 na kisima chochote, chako au cha jirani.

Nimebakiza onyo moja linalohusu wafuaji wako kuliko karo. Shuka iliyokojolewa na mtoto isuuzwe vizuri kwa maji matupu kabla haijakutana na jiki, kwa sababu mkojo na jiki hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Asidi ya kusafishia masinki ya choo isimwagwe siku moja na jiki katika bomba moja, maana hewa ya klorini inayotoka hapo ni sumu na hurudi juu kupitia tundu la bafuni alimo mgeni. Ukishapima, niandikie sentimita ulizopata na rangi ya udongo, nami nitakukadiria ukubwa wa shimo linalokufaa.